Weupe Hauna Mlio

Fungua karibu kitabu chochote cha sarufi au cha fasihi kinachotumika shuleni, Kenya au Tanzania, utakuta tanakali zimeelezwa kwa sentensi moja: ni maneno yanayoiga sauti. Chini yake ipo mifano mitatu minne. Anguka pu, cheka kwakwakwa, dondoka ndo ndo ndo. Mada imekwisha hapo, mwanafunzi anahamia tashbihi.

Sentensi hiyo moja imezaa imani mbili. Ya kwanza ni kongwe: kwamba tanakali ni pambo la ngano za watoto, kitu cha kumchangamsha msikilizaji, na mtu mzima akiandika jambo zito aziache nje kama avuavyo viatu mlangoni. Ya pili imeingia na vijana wanaosoma vibonzo vya Kijapani na kutazama filamu zake: kwamba Wajapani ndio wenye hazina ya maneno ya namna hii, maelfu kwa maelfu, nasi tuna vijipande vya kuhesabia vidoleni. Nazipinga zote mbili. Na shahidi wangu mkuu ni Kijapani chenyewe, lugha ambayo wenye imani ya pili wanaisifu bila kuiuliza inafanya kazi vipi.

Tuanze na kitu ambacho kila mzungumzaji anacho kinywani. Kanzu iliyofuliwa, ikatiwa buluu, ikaanikwa juani, tunasema ni nyeupe pe. Anayefundisha kwamba tanakali huiga sauti anieleze pe ni mwigo wa sauti gani. Kanzu haikulia. Weupe hauna mlio. Weusi nao hauna, lakini tunasema nyeusi ti. Wekundu hauna, lakini ipo nyekundu pyu. Giza huwa totoro na hakuna aliyewahi kulisikia likivuma. Fundo lililofungwa ndi halikutoa sauti ya ndi. Mtungi uliojaa pomoni umetulia tuli pembeni mwa nyumba. Aliyelala fofofo hakoromi kwa sauti ya fofofo, pengine hata pumzi yake husikii.

Mfano ulio mkali kuliko yote ni kimya. Tunasema kimya ji, au kimya jii tukitaka kurefusha. Hili ni neno la kutokuwapo kwa sauti. Kama tanakali ni mwigo wa sauti, basi ji ingepaswa kuwa neno lisilowezekana kabisa. Lipo, na hakuna mzungumzaji anayesitasita kulitumia.

Wajapani wanalo neno pacha wa hilo: shiin. Katika vibonzo vyao, chumba kikinyamaza ghafla, mchoraji huandika shiin kwa herufi kubwa hewani juu ya vichwa vya watu, mahali ambapo ukurasa uliotangulia palikuwa na mlipuko au ukelele. Msomaji wa Kijapani haoni kioja. Haoni kwa sababu lugha yake ilishatenganisha mambo ambayo vitabu vyetu vimeyafunga furushi moja. Kuna giseigo, maneno ya sauti za watu na wanyama. Kuna giongo, maneno ya sauti za vitu: mlango, mvua, jiwe. Halafu kuna gitaigo, maneno ya hali na namna ambayo haina sauti hata kidogo: kung'aa, kunata, kuyumba, kulegea, kukaa kimya. Mwanaisimu Haruhiko Kindaichi aliyepanga makundi haya kwa undani alitenga hata kundi la hisia za ndani, gijogo, lenye maneno kama iraira, ule mwasho wa moyo wa mtu aliyekereka na kukosa subira.

Kwa mpango huo pu na kwakwakwa ni giongo na giseigo. Pe, ti, ji, ndi, fofofo, totoro, tuli na pomoni zote ni gitaigo. Maana yake ni kwamba maelezo ya vitabu vyetu yanafaa kwa sehemu moja ya tanakali, nayo ndiyo sehemu nyepesi. Kuiga sauti kwa sauti kila lugha duniani huweza. Kuipa sauti rangi, giza, usingizi na ukimya ni jambo jingine, na Mark Dingemanse, mtafiti wa Kiholanzi, alionyesha mwaka 2012 kwamba lugha hupanda ngazi hii kwa mpangilio: kwanza maneno ya sauti, kisha ya mwendo, kisha ya yale yanayoonekana, kisha ya hisi nyingine kama kugusa na kunusa, na mwisho ya hali za moyo. Lugha yenye maneno ya ngazi ya juu huwa na ya chini pia. Kiswahili chenye nyeupe pe na chenye kulowa chepechepe kimeshapita ngazi ya mwanzo zamani sana. Vitabu vyake ndivyo vilivyobaki pale chini.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hatukuhitaji kwenda Japani kulijua hili. Jina ambalo wanaisimu wa dunia nzima hulitumia leo kwa maneno ya aina hii, ideofoni, lilipata maelezo yake mwaka 1935 katika kitabu cha Clement Doke kuhusu istilahi za lugha za Kibantu. Doke alifanya kazi Johannesburg, alikuwa amezama katika Kizulu na ndugu zake, na aliona kwamba kundi hili haliingii katika nomino, kitenzi wala kielezi kama Wagiriki na Warumi walivyoyapanga. Akalipa nafasi yake kama aina ya neno inayojitegemea. Dhana ilizaliwa kutokana na lugha za ukoo wetu, ikasafiri hadi kwenye Kijapani, Kikorea na kwingineko, na huku kwetu tukaendelea kufundisha onomatopea ya Wagiriki.

Najua nitajibiwa kwamba sarufi za Kiswahili zimewahi kuyapa makazi, kwa sababu zipo zinazoyaita vielezi viigizi. Ni afadhali kuliko kuyaita mbinu ya mtindo, lakini hayo makazi hayatoshi. Kielezi cha kawaida huzunguka kwa uhuru: polepole huenda na kula, kusema, kujenga, kufa. Tanakali ya Kiswahili ina mwenyeji wake na haimwachi. Jaribu kumwambia mtoto wa darasa la kwanza kwamba makaa ni meusi pe. Atacheka, na atakusahihisha bila kujua kanuni yoyote. Chakari ni ya kulewa. Fofofo ni ya kulala, na ya kufa. Tikitiki ni ya kusagika na kuvunjika. Ufungamano huu ni mkali kiasi kwamba mwenyeji aweza kuondoka na tanakali ikabaki ikimwakilisha: ukisema jana nilimkuta yule bwana chakari, hakuna atakayeuliza chakari wa nini.

Lipo jaribio jingine linaloonyesha kwamba haya ni maneno kamili, yana maana na yana kazi. Kanusha sentensi. Nikisema hakulala, mtu huyo amekesha. Nikisema hakulala fofofo, kila msikilizaji anaelewa kwamba alilala, ila usingizi wake ulikuwa wa kugutuka. Ukanushaji umeruka kitenzi ukatua juu ya fofofo. Vivyo hivyo kamba haikufungwa ndi ni kamba iliyofungwa, na itafunguka. Mwigo mtupu wa sauti hauwezi kubeba ukanushaji namna hiyo.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha maana ya tanakali hizi, jambo ambalo sijaliona likifundishwa na ambalo linavunja imani ya kwanza. Mhariri mmoja alinirudishia makala niliyoandika kuhusu wavuvi, amefuta fofofo na kuandika usingizi mzito sana. Alidhani ameinua hadhi ya sentensi na maana imebaki palepale. Maana haikubaki. Sana huacha ngazi wazi: mzito sana unaweza kuzidiwa na mzito sana sana, na mzito kupita kiasi. Fofofo hufunga ngazi. Ukitamka fofofo umefika mwisho wa usingizi, hakuna usingizi mwingine chini ya huo. Pitia wenzake wote uone. Huwezi kusema nyeupe pe zaidi. Huwezi kusema mtungi umejaa pomoni kidogo. Kimya ji hakina nusu. Pe, ti, ji, ndi, pomoni, fofofo, chakari: kila moja ni alama ya ukomo wa hali yake, mahali ambapo kipimo kimejaa.

Fundi anayemwambia msaidizi wake kaza hiyo nati ndi ametoa agizo sahihi kuliko anayesema kaza sana. Sana ni kiasi gani? Ndi inajulikana: hadi isigeuke tena. Lugha yenye neno fupi kama hili kwa kila ukomo ina chombo cha usahihi, na sisi tumekiweka kwenye sanduku la vichezeo.

Tukirudi kwa Wajapani, rangi ni mahali ambapo wenye imani ya pili wangepaswa kusimama kidogo. Kijapani kikitaka kusema nyeupe kabisa husema masshiro, nyeusi kabisa ni makkuro, nyekundu kabisa ni makka. Ni kiambishi kimoja, ma, kilichowekwa mbele ya kila moja ya rangi hizi na kukaza konsonanti inayofuata. Hufanya kazi vizuri, lakini ni kilekile kwa zote tatu. Kiswahili hapa kinaipa kila moja neno lake: pe kwa nyeupe, ti kwa nyeusi, pyu kwa nyekundu. Katika kipengele hiki hasa, mwenye ghala lililojaa ni sisi.

Lakini sitaki kushinda hoja kwa kuchagua uwanja unaonipendelea, kwa hiyo niende pale Kijapani kinapotisha. Mwaka 2007 shirika la uchapishaji la Shogakukan lilitoa kamusi ya maneno haya iliyohaririwa na Masahiro Ono, na juu ya jalada lake imeandikwa 4500. Hakuna kamusi ya tanakali za Kiswahili yenye ukubwa unaokaribia huo. Huu ndio ushahidi ambao hutupwa mezani kila mara, na wengi wetu huinamisha vichwa.

Tazama jinsi idadi hiyo inavyopatikana. Maneno mengi ya Kijapani yamejengwa juu ya mzizi wa silabi mbili, kisha mzizi huo unavishwa miisho. Chukua koro, kitu cha mviringo kinachobiringika. Korokoro ni kubiringika kunakoendelea. Korori ni kubiringika mara moja na kutulia. Korotto ni kwa ghafla, mara moja. Koron ni mara moja pamoja na mwangwi au mdundo wa kurudi. Kisha badilisha konsonanti ya mwanzo kutoka isiyo na mghuno kwenda yenye mghuno, k kuwa g: gorogoro sasa ni jabali linalobiringika, au ngurumo ya radi. Ndivyo ilivyo kirakira, kumetameta kwa nyota, na giragira, mng'ao mkali wa jua la mchana unaoumiza macho. Potapota ni matone madogo, botabota ni matone mazito. Sarasara ni mchanga mwembamba unaoteleza vidoleni au kijito kinachopita, zarazara ni uparuzo wa sakafu isiyosawazishwa. Mwanaisimu Shoko Hamano aliuchambua mfumo huu katika kitabu cha mwaka 1998, na uzuri wake ni kwamba mzizi mmoja huzaa familia nzima. Kila mwana wa familia anahesabiwa katika ile 4500.

Kiswahili hakina mfumo huo wa mghuno, nalikiri hilo bila kuzungusha. Hatuna di ya weusi mzito zaidi ya ti. Lakini kutokuwa na mfumo wa Wajapani hakumaanishi kutokuwa na mfumo. Angalia vitu vinavyoanguka. Mzigo ukianguka sakafuni ni pu. Ukianguka mchangani ni tifu. Kitu kikianguka majini ni chubwi, na kwenye matope ni tapwi. Kijapani kwa upande wake kina pochan kwa kijiwe kinachotumbukia majini, bochan kwa kikubwa zaidi, na dobon kwa mwili mzima uliojitupa. Vyote vitatu vimetua majini, na kilichobadilika ni uzito. Kiswahili kinaelekea upande mwingine: kinachobadilika hasa ni mahali kitu kilipotua. Mtu aliyefumba macho barazani, akisikia hadithi ya nazi iliyoanguka tifu, anajua tayari kwamba mnazi uko kwenye mchanga. Lugha mbili zimeuliza maswali mawili tofauti kuhusu anguko moja.

Ipo pia tofauti ya muundo wa sentensi, na hii ndiyo inayoharibu kabisa hesabu ya wenye kuhesabu. Kijapani kina kitenzi kipana cha kutembea, aruku, na namna za kutembea zinabebwa nje ya kitenzi na maneno haya. Yochiyochi aruku ni mtoto anayejifunza kutembea. Tobotobo aruku ni aliyevunjika moyo anayejivuta njiani. Urouro ni mwendo wa asiye na mahali pa kwenda. Yoroyoro ni mwenye kuyumba karibu kuanguka. Ukihesabu, hayo ni maneno manne ya namna hii. Sasa yaseme kwa Kiswahili. Mtoto anakwenda tata. Aliyevunjika moyo anajikokota. Asiye na pa kwenda anarandaranda. Anayeyumba anapepesuka. Umepata tanakali moja tu, na vitenzi vitatu.

Mwenye kuhesabu atasema Kijapani nne, Kiswahili moja. Mimi nasema msikilize huyo pepesuka. Silabi ya pe imerudiwa kabla kitenzi hakijafungwa. Sikiliza randaranda, yumbayumba, gaagaa, metameta, tetemeka, babaika, papatika. Kurudia huku ambako Kijapani hukuweka nje ya kitenzi, Kiswahili kimekumeza ndani. Picha ya mwendo ipo, mdundo upo, ila neno limevaa viambishi vya nafsi na njeo na kuingia darasa la vitenzi, likatoweka machoni pa mtu anayetafuta tanakali kwa orodha. Wakati mwingine unaweza kuwaona wote wawili wamesimama bega kwa bega, tanakali na kitenzi cha jamaa yake: tulia tuli, kauka kau, pukutika pukupuku, chururika na chururu, dondoka na ndo.

Nichukue mfano mmoja niufuate hadi mwisho, wa maumivu, kwa sababu hapo ndipo Kijapani kinaposifiwa zaidi. Mgonjwa wa Japani huambiwa na daktari aeleze maumivu yake, naye hutumia maneno haya, na daktari huyachukulia kama taarifa. Zukizuki ni maumivu yanayopiga kwa mapigo ya damu, kama jino lililooza. Gangan ni kichwa kinachogongwa kama kwa nyundo. Kirikiri ni tumbo linalokatwa kwa ndani. Hirihiri ni ngozi iliyoungua au kuchunika. Chikuchiku ni kudungwadungwa kwa sindano. Igaiga ni koo linalowasha na kukwaruza. Watu husoma orodha hiyo wakashangaa, wakasema sisi tuna kuuma tu.

Hatuna kuuma tu. Jino la zukizuki kwetu linapwita. Kichwa kinagonga, au kinawanga. Tumbo la kirikiri linakeketa, na likijikunja linasokota. Kidonda kilichotiwa chumvi au spiriti kinachonyota, na ngozi iliyochunika inawasha. Panapodungwadungwa panachomachoma. Koo linakereketa. Neno kwa neno, mgonjwa wa Kiswahili hamnyimi daktari chochote ambacho wa Kijapani anampa. Tofauti ni kwamba yote ni vitenzi, na mwenye kutafuta tanakali hapa atarudi mikono mitupu.

Hasara ipo, lakini haitoki kwenye lugha. Mgonjwa anasema tumbo linakeketa tangu alfajiri na sasa linasokota, na kwenye cheti kunaandikwa maumivu ya tumbo, kwa lugha ya kigeni. Tofauti kati ya keketa na sokota imepotea kati ya mdomo na kalamu. Kama tungekuwa tumewafundisha wauguzi kwamba hayo ni maneno ya kupimia, kila moja na mahali pake, wangeyaandika. Tuliwafundisha kwamba lugha ya namna hii ni ya mapambo, kwa hiyo wanaitafsiri kwa kuifuta.

Nikiri na upungufu halisi. Katika ngazi ya juu kabisa, ya hali za moyo, Kiswahili kina tanakali chache. Dokidoki ya moyo unaopiga kwa hofu au mapenzi tunaweza kuisogelea kwa moyo kudunda du du du, na mchoko wa mwisho tunao kwa kuchoka hoi. Lakini wakuwaku, ile furaha ya kungojea jambo jema lije, na iraira niliyoitaja, hatuna tanakali zake. Tunatumia mafumbo ya viungo vya mwili: roho kwenda juu, moyo kwenda mbio, damu kuchemka. Ni njia nyingine, na ni nzuri, ila si tanakali. Vilevile tukijilinganisha na Kizulu au Kishona, ambako kitenzi cha kusema, thi au ti, hushika ideofoni na kuiweka mahali pa kitenzi kikuu, Kiswahili kimeipoteza sehemu kubwa ya ufundi huo. Kinachobaki kwetu ni pu kusimama peke yake: mara pu, nazi chini. Asiyetaka kukubali upungufu huu hataaminiwa anapotaja utajiri.

Sasa ile hoja ya utoto. Kitabu cha kale kuliko vyote vilivyobaki vya Kijapani, Kojiki, kilikamilishwa mwaka 712. Mwanzoni mwake miungu wawili, Izanagi na Izanami, wanasimama juu ya daraja la mbinguni na kukoroga bahari kwa mkuki, nayo bahari inafanya koworokoworo. Matone yanayodondoka kwenye ncha ya mkuki yanagandamana na kuwa kisiwa cha kwanza. Waandishi wa kitabu hicho walikuwa wakiandika asili ya nchi na ya ukoo wa kifalme kwa amri ya ikulu, na pale walipofika kwenye tendo la kuumba walitumia neno la sauti.

Mpinzani mwenye kusoma ataniletea Yukio Mishima. Ni kweli, Mishima katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu uandishi aliyalaumu maneno haya, akaona yanashusha heshima ya nathari. Ni shahidi mzito, sitamdharau. Lakini lipo jambo moja ambalo mimi naye tunaweza kukubaliana. Ni wingi na urahisi, mwandishi anayekimbilia neno la sauti badala ya kufikiri. Hilo hata mimi nalilaumu, nikisoma insha za wanafunzi waliokaririshwa orodha wakazimwaga zote katika ukurasa mmoja: jua pe, giza totoro, akaanguka pu, akalala fofofo. Insha hizo ni mbovu kwa sababu walifundishwa kwamba tanakali ni pambo, na pambo likizidi alama huongezeka. Wangefundishwa kwamba fofofo ni ukomo wa usingizi, wangeitumia mara moja, pale usingizi ulipofika ukomo.

Wala wazee wetu hawakuziona tanakali kama mchezo. Chururu si ndo ndo ndo ni methali ya watu wazima, yenye tanakali mbili na neno moja la kukanusha katikati. Hakuna nomino ndani yake wala kitenzi kikuu. Chururu ni maji yanayotiririka bila kukatika, ndo ndo ndo ni matone yenye nafasi kati yake, na hoja nzima ya methali imekaa kwenye tofauti ya mdundo wa maneno hayo mawili: kinachoendelea na kinachokatikakatika. Kijapani kina chorochoro kwa mtiririko mwembamba wa maji na potapota kwa matone, na kufanana kwa chururu na chorochoro kusimfanye mtu atafute undugu ambao haupo. Ni midomo miwili iliyotazama maji yaleyale. Msemo wao wa kupika wali nao unaanza na chorochoro, safari hii kwa moto, kwamba mwanzoni uwe mdogo, kisha pappa, uwake kwa nguvu. Wapishi walipitishiana kanuni ya moto kwa maneno mawili ya namna hii, na wali ukaiva.

Ninalotaka lifanyike ni dogo na linawezekana. Kamusi zetu nyingi zikifika kwenye tanakali huandika kl, kielezi, kisha maana ya maneno mawili matatu. Nichukue ndi nionyeshe inavyopaswa kuandikwa. Kwanza aina yake: tanakali ya hali, isiyo ya sauti. Pili wenyeji wake: funga, kaza, shika, shikilia, basi. Tatu maana: kwa ukomo, hadi kisiweze kulegea wala kugeuka. Nne tabia yake: haipokei sana wala zaidi, hukubali kukanushwa, na ikikanushwa tendo hubaki ila ukomo huondoka. Tano mfano wa sentensi ya mtu mzima anayefanya kazi yake, kwa mfano nahodha anayeagiza kamba ya foromali ifungwe ndi kabla kusi haijakaza. Mistari mitano. Kisha pe, kisha ti, kisha ji, pamoja na zile zinazojulikana Lamu zisizojulikana Songea, na za Songea zisizojulikana Lamu, zikusanywe na wenyeji wake wangali hai na waweze kusema ni nani mwenyeji wa nani. Na vile vitenzi vyenye tanakali tumboni, pepesuka na papatika na babaika, viwekewe alama inayoonyesha jamaa zao, ili anayehesabu siku nyingine ahesabu ukoo mzima.

Na kwenye kitabu cha darasani, ile sentensi moja ifutwe. Mahali pake mwalimu aweke kanzu nyeupe pe mbele ya wanafunzi na awaulize inalia vipi.